Kikombe, Ndala na Sufuria Mwaloni Kibirizi

Jamani, kuna aibu za kumpata mtu chumbani zikaishia humohumo, na kuna ile yangu iliyotangazwa kwa kipaza sauti mwaloni Kibirizi, zinakotia nanga boti, mama mkwe wangu akiwa amesimama hatua tatu kutoka nilipo. Mpaka leo nikipita pale naangalia chini kama mtu aliyedondosha kitu.

Mimi ni fundi maboti, Ujiji, na kwa mdomo nilikuwa sijambo. Mwanaume akimwimbia mpenzi wake kwenye simu mbele yangu, alikuwa anatafuta makubwa, ningemcheka wiki nzima (yupo mmoja alihama karakana kwa ajili yangu). Sasa mke wangu, Tausi, ni muuguzi, akapangiwa zahanati kijiji cha mbali huko kusini mwa ziwa, safari ya boti siku mbili, na mtandao mpaka upande mlimani. Mwaka wa pili unaisha, akaletewa fomu: anaomba kuhamia mjini au anabaki miaka mingine mitatu? Akanipigia kutoka mlimani kwake.

"Hamisi, huku wananihitaji, na wewe sijui kama bado unanihitaji au umeshazoea. Niandikie shairi."

"Shairi tu? Hilo dogo."

"Ngoja. Sitaki waridi, sitaki moyo, sitaki nyota wala mwezi wala asali. Hayo uliniandikia wakati wa uchumba, na nilijua umenakili kwenye kadi. Nikisoma nikaiona nyumba yangu, najaza fomu. Nisipoiona, nabaki."

Haya, nikakaa. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojua maneno yale tunayapendea nini. Shairi lina mizani, kila mstari kumi na sita, nane kabla ya kipumuo na nane baada, halafu vina vikubaliane katikati na mwishoni. Sasa kila nikipungukiwa mizani mbili, mkono unaandika "moyo" wenyewe. Mo-yo, mbili, inaingia popote! Nikipungukiwa tena, "nyota". Nikayafuta yote, karatasi ikabaki nyeupe kabisa, nikasema kumbe mimi sina la kumwambia mke wangu? Niliogopa, siwafichi.

Nikainuka nikazunguka nyumba. Nikaandika nilichokiona, basi. Kesho yake karakana nikawa nahesabu mizani kwa nyundo, mapigo manane, napumua, mapigo manane, wenzangu wakauliza fundi huo msumari mbona hauishi. "Mkono wa kikombe umevunjika" ukazidi, nikaukata, nikaupindua, mpaka ukakaa kama ubao kwenye mbavu za boti.

Siku ya boti ikafika. Mama mkwe alikuwa amekuja na vitu vya binti yake, dagaa, mawese na unga wa muhogo, na gunia alishalishona kwa mkono wake, mshono mzuri wa kubana. Mimi na karatasi yangu nikachelewa. Kufumua mshono wa mkwe, nani athubutu? Nikasema nitaitia kwenye kile kijifuko cha nailoni kilichobandikwa juu ya gunia. Uamuzi mdogo tu huo.

Nilichosahau ni kwamba kile kijifuko ndicho cha karatasi ya mzigo. Mwaloni pale, kabla gunia halijapanda, karani anasoma kwa kipaza sauti jina la anayepelekewa na vilivyomo, mwenye mzigo anaitikia "Ni kweli!", ndipo wapagazi wanapakia. Karani siku hiyo alikuwa Bosko, mtu wa kazi, hacheki hata kwa dawa. Akavuta karatasi ya kwanza kuishika, yangu.

"Mzigo wa Tausi, muuguzi! Kikombe! Mkono umevunjika!"

Nikaitambua karatasi, nikaanza kumsogelea Bosko.

"Ndala! Moja imeshakatika! Sufuria! Ukoko haujatoka!" Bosko akashusha kipaza sauti, akanitazama. "Fundi, mnampelekea muuguzi wa serikali takataka?"

Yebaba we! Mwalo mzima ukacheka. Laiti ningeweka waridi moja tu, Bosko angejua ni barua ya mapenzi akaikunja kwa adabu, lakini kikombe na ndala, nani angejua?

Mama mkwe hakucheka. "Hamisi mwanangu," akasema taratibu, "mimi nimeshona dagaa. Ndala mbovu umezitia saa ngapi?"

"Sijazitia, mama."

"Basi gunia halipandi," Bosko akasema. "Karatasi na mzigo havikubaliani. Lifumuliwe."

Nahodha kashaanza kuungurumisha injini, boti jingine ni wiki ijayo, na fomu ya Tausi mwisho wake ni wiki hiihii. Nikaona miaka mitatu inaondoka na lile boti. Nikapaza sauti: "Msifumue. Hilo ni shairi. Namwandikia mke wangu."

"Shairi?" Bosko akaikagua karatasi kama cheti cha kughushi. "La ndala?" Akanipa kipaza sauti. "Lisome, tuhakikishe."

Na pale mbele, mguu mmoja kwenye boti, alikuwa yule kijana aliyehama karakana kwa ajili yangu. Amekunja mikono, anasubiri. Nikafumba macho, ngumi ikaanza yenyewe kugonga ubavu wa boti, nane, nikapumua, nane:

*Kikombe chako mezani, mkono umevunjika,*
*Ndala zako mlangoni, moja imeshakatika,*
*Sufuria ya jikoni, ukoko haujatoka,*
*Njoo Tausi nyumbani, vitu vyote vyakutaka.*

Nilipofungua macho hakuna aliyecheka. Mama mmoja muuza mihogo akasema, "Endelea, baba." Nikaendelea, na kuendelea kwenyewe ndiko kulikoniua, maana ubeti wa pili ulianza:

*Ninalala ukingoni, katikati sijafika...*

Mbele ya mkwe! Mama mkwe akajifunika kanga uso mzima, akageuka kutazama ziwa. Nilitamani boti liniangukie. Lakini nilipofika kibwagizo abiria wakakipokea, kisha wapagazi, na yule kijana ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Wakarudia mara tatu, ngumi sitini zinagonga mbao nilizozipigilia mwenyewe.

Mama mkwe akarudi, macho mekundu. Akairudisha karatasi kwenye kijifuko, akakifunga kwa uzi. "Huo ubeti wa kitanda sikuusikia," akasema. "Lakini usiufute."

Bosko akapaza sauti: "Mzigo ni kweli! Pakia!"

Siku ya tatu simu ikalia. Upepo wa mlimani, halafu yeye, analia na kucheka kwa pamoja. "Hamisi, nilikuwa namfunga mtoto kidonda nikasikia boti linakuja linaniita jina. Boti zima! Nikadhani kuna msiba. Nimetoka na bandeji mkononi, wakanisomea beti zote mbili kabla sijaliona gunia."

"Pole, mke wangu. Nimekuaibisha."

"Kile kikombe usikitupe. Fomu nimeshajaza."

Alirudi baada ya miezi minne, na mwaloni nilimpokea mbele ya watu bila kuangalia chini, siku hiyo moja tu. Yule kijana nilimwomba radhi, akarudi karakana, siku hizi anaimba kwenye simu na mimi namhesabia mizani. Kuhusu gunia nimekula kiapo: mkwe ashone awezavyo, karatasi yangu itakwenda ndani, chini kabisa, katikati ya dagaa.

Jina nalo limeshaniganda, naitwa Kikombe. Watoto wakipita dirishani kwetu wanapiga kelele, "Njoo Tausi nyumbani!" Mimi najikunyata kwa aibu, na kutoka jikoni, ambako sufuria sasa inang'aa, mke wangu anawajibu kwa sauti kubwa, "Nimeshafika!"