Macho ya Pacha Mwingine

Mtaani tunamwita Usicheke, kwa sababu mteja wa picha ya pasi akiingia studioni kwake, yeye huanza na neno hilo: "Usicheke, kidevu juu, tazama hapa." Mwenyewe ni mcheshi kupindukia. Lakini asubuhi ile, kwenye ofisi ya pasi za kusafiria, alikuwa amekauka kama kuni, na bintiye kasimama kando yake na mtoto kifuani. Mimi jirani yao ndiye niliyewapeleka, na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Mtoto ni mmoja wa pacha wa kike. Moyo wake una tundu, na hospitali iliyokubali kumpasua iko ng'ambo. Asiposafiri wiki hii nafasi yake anapewa mwingine, na daktari alishasema hawezi kungoja tena.

Kila alipopigwa picha alikuwa amelala, na babu yake aliamini picha ya pasi haipokelewi macho yakiwa yamefumbwa. Usicheke akafanya ujanja wa kifundi: akatoa macho ya pacha mwenzake kwenye picha nyingine, akayabandika kwa kompyuta, akang'arisha na midomo. Si wanafanana kama shilingi kwa ya pili!

Afisa, mwanamke wa makamo, akatugeuzia skrini.

"Mzee, huyu ni nani?"

"Mjukuu wangu, mama."

"Yupi? Shavuni mwanga unatoka kushoto, machoni unatoka kulia. Hawa ni watu wawili."

"Ni pacha. Sura ni ileile."

"Ndiyo hatari yenyewe. Sura zikichanganywa, mashine ya mpakani inaweza kumkubali huyu na yule kwa pasi moja. Wezi wa watoto wanapita hapohapo. Nitajuaje mnamtoa nani nchini?"

Binti wa Usicheke akamkumbatia mtoto kama anayenyang'anywa.

"Baba, umefanya nini?"

Afisa akamwita mkuu wake. Tulingoja roho mkononi, tukisikia sauti zao nyuma ya mlango. Mkuu alipotoka alimtazama mtoto, akampigia simu daktari wa mtoto, kisha akamgeukia babu.

"Mtoto wa umri huu hata akifumba macho tunampokea. Ungeuliza tu, mzee."



Wakatandika shuka jeupe mezani, mtoto akalazwa chali, afisa akampiga picha kutoka juu. Mashine ikaikubali. Nikadhani yamekwisha.

Binti wa Usicheke aliinamia skrini. Midomo ya mtoto ilikuwa ya buluu, kama ya mtu anayekosa hewa, na kwenye shuka lile jeupe haikufichika.

"Tangu lini yuko hivi?" akauliza. Chumbani kwao ni giza, mtoto hufunikwa gubigubi, na tangu juzi alikuwa akijipa moyo kwa ile picha iliyong'arishwa, kwenye simu yake.

Usicheke alimshika mjukuu mguu.

"Tangu juzi, mwanangu. Niliiona rangi hiyo kwenye kamera. Niliogopa, nikaifuta kwenye picha."

Afisa alikuwa ameshaanza kuandika. "Pasi inatoka leo," alisema bila kututazama. "Msikae. Mrudisheni hospitali sasa hivi."