Daraja la Lwamba

Souleymane na Lwamba waliingia kazini siku moja, kwa orodha moja, katika ofisi ya maendeleo ya vijijini pale Kabambare. Wote wawili waliandikwa ataché, yaani maofisa wa utawala, wa daraja la pili. Miaka kumi na miwili walikaa meza moja, wakaenda Kasongo kwa pikipiki moja kupokea mshahara, mmoja akimshikia mwenzake kofia kwenye foleni.

Mwaka wa kumi na tatu arete, amri ya waziri, ilifika kutoka Kinshasa. Lwamba alikuwa amepandishwa hadi daraja la kwanza.

Madame Marguerite, mkuu wao, alisoma barua mbele ya wote. Watu walipiga makofi. Souleymane alipiga pia, akasikia mikono yake mizito. Mchana huo alifungua kabati ya mafaili, maana yeye ndiye aliyekuwa akiyatunza, akatafuta karatasi za alama za kila mwaka. Za Lwamba: "vizuri sana", miaka mitatu mfululizo. Zake: "vizuri", zote tatu, na chini yake sahihi yake mwenyewe. Kila mwaka alikuwa na haki ya kupinga alama. Kila mwaka alitia sahihi bila kusoma, akiharakisha kwenda kuswali adhuhuri.

Kuanzia hapo kila kitu cha Lwamba kilimchoma. Meza yake mpya karibu na dirisha. Hawa, mke wa Souleymane, kuuliza nyumbani, "Na wewe, lini?" Wachimbaji wa dhahabu waliokuja kutafuta karatasi wakimpita yeye mlangoni: "Tuko tunatafuta shefu Lwamba." Alijibu, "Shefu iko ndani," akarudi kwenye mafaili yake.

Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata Lwamba hakuonekana siku nne. Madame alikuwa safarini Kasongo. Aliporudi, Souleymane alimpelekea daftari la mahudhurio, likiwa wazi pale penye mistari minne mitupu.

"Aliomba ruhusa?" Madame aliuliza.

"Barua yoyote haiko kwa faili."

Ilikuwa kweli, barua haikuwepo. Lakini Lwamba alikuwa amemwambia yeye, kwa mdomo, kwamba baba mkwe wake amefariki huko Wamaza na barabara imekatika. Souleymane alikuwa amejibu, "Enda tu ndugu, nitawaambia." Hakusema hata neno moja.

Madame aliamuru barua ya kutaka maelezo. Souleymane ndiye aliyeiandika kwa mashine. Lwamba alijibu kwa maandishi ndani ya muda aliopewa, akaeleza msiba. Hakumtaja mtu. Kwa kuwa hakukuwa na ombi lililosainiwa, Madame alimpa onyo la maandishi, blamu wanavyoiita, adhabu ndogo kuliko zote. Likaingia kwenye faili. Mtu mwenye blamu, alama zake za mwaka ule hushuka, na daraja linalofuata husogea mbali.

Usiku wa siku ile Souleymane alilala vizuri. Hilo ndilo lililomtia aibu baadaye.

Miezi miwili ikapita, Lwamba akaleta barua ya kuomba kuwekwa kando ya kazi kwa muda, bila mshahara. Alikuwa anakwenda Salamabila kuuza vipuri vya pikipiki.

"Kwa sababu ya blamu?" Souleymane aliuliza. Walikuwa wawili tu ofisini.

Lwamba akatoa karatasi ya malipo mfukoni. Mwaka mzima na zaidi tangu arete, bado alilipwa kwa daraja la pili, kiasi kilekile cha Souleymane. Jina lake lilikuwa halijasahihishwa kwenye orodha ya mishahara.

"Niliandika mara tatu. Hakuna mutu anajibu. Kazi ni ya daraja la kwanza, mushahara wa pili. Watoto wananiuliza cheo gani hiki."

Souleymane aliangalia karatasi hadi namba zikamchanganya. "Mimi nilijua kuhusu Wamaza," alisema. "Ulinieleza. Nikanyamaza."

"Najua."

"Mbona hukuandika jina langu?"

"Ningelipata nini? Wangekupa na wewe blamu. Ningekuwa nimekosa kazi na rafiki." Akafunga mfuko wake. "Ungeniuliza tu, Souleymane. Ningekuonyesha karatasi hii zamani."

Ombi lilikubaliwa. Madame alimpa Souleymane kazi za Lwamba kwa kukaimu, bila daraja na bila nyongeza. Alipokalia ile meza ya dirishani, ripoti za watu wawili zilikuwa zimerundikana juu yake.

Siku ya kuondoka Lwamba alipitia ofisini kuaga, mizigo imefungwa nyuma ya pikipiki. Souleymane alimshika mkono, akamtakia heri kwa moyo wake wote, au karibu wote. Pikipiki ilipoanza kunguruma, wivu ule wa zamani ukamrudia. Mwenzake alikuwa ameweza kuondoka.