Sekunde Kumi za Kimya

Miaka ile nilikuwa nimepanga chumba mjini Kisii, juu ya duka la vitambaa la familia ya Kihindi, nikihariri podikasti za watu. Bei yangu ilikuwa shilingi elfu mbili kwa kipindi, au elfu saba kwa kifurushi cha vipindi vinne. Nilirudisha kazi baada ya siku tatu. Aliyeitaka kesho yake aliongeza nusu ya bei. Wateja waliniandikia tu. Nilizijua pumzi na vikohozi vyao, lakini wao hawakuwahi kusikia sauti yangu.

Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu wa Ogembo aliyehoji wazee. Nyumba yake ilikuwa ya mabati na ilivuma kwenye rekodi, kwa hiyo nilimwomba, kabla ya mazungumzo, arekodi sekunde kumi bila mtu kusema. Kompyuta ilihitaji kuusikia ule mvumo peke yake ndipo iweze kuupunguza.

Jumatano moja akaniletea mahojiano na mwalimu aliyemfundisha darasa la kwanza. Mzee alikuwa amefariki, mazishi ni Ijumaa. Mteja wangu alitaka kipindi kesho yake.

Nikavaa spika za masikioni, nikatafuta zile sekunde kumi. Hazikuwa kimya. Mzee alikuwa akinong'ona kwa Ekegusii, lugha ya huko.

"Tunamnyamazia nani?"

"Kijana wa Kisii anayesafisha sauti, baba."

"Anaishi na nani?"

"Sijui. Sijawahi kumuuliza."

"Mtu anakufanyia kazi mwaka mzima hujamuuliza?"

Nilirudia kipande hicho mara nyingi kuliko kazi ilivyotaka. Kisha nikatafuta kimya kingine katikati ya mazungumzo, nikapunguza mvumo kidogo kidogo, maana ukizidisha, sauti ya mtu huwa kama inatoka ndani ya maji. Kulikuwa na mvua kwenye mabati mwishoni. Hiyo haikutoka yote. Yale maneno ya mwanzo niliyakata. Hayakuwa ya wasikilizaji. Alhamisi asubuhi nikatuma.

"Imefika. Asante," akaandika.

Baada ya mazishi familia ya mzee iliomba rekodi nzima, bila kukatwa. Nikamtumia mwalimu, ambaye hakuwa amebaki na nakala. Jioni simu ikalia, na kwa mara ya kwanza ile sauti yake ikazungumza nami.

"Nimesikia tena alichouliza mzee. Wewe ulikisikia?"

"Nilikisikia, mwalimu."

Nyuma yake kuku walikuwa wakilia, na mkono wangu ukaenda kwenye kipanya kana kwamba ningeweza kuwaondoa.

"Basi unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Jumapili njoo ule kwetu."

Nilimwambia nitakuja. Jumamosi mteja wa Nyaramba akaleta kipindi cha haraka, nami nikakichukua, ingawa ningeweza kukataa. Nikamwandikia mwalimu kwamba nimebanwa na kazi. Akajibu hakuna shida. Hakunialika tena, ila tangu hapo kila rekodi yake ilianza na sekunde kumi za kimya kamili.