Kosa, Mizani na Adhabu ya Wattie Mutch

Ishbel Dalgarno amekalia benchi la waandishi katika mahakama ya Kilmallan kwa miaka thelathini na moja, na ukimuuliza kazi yake ni nini atakujibu kwamba ni kufupisha. Jaji anasema nusu saa. Msomaji wa gazeti la wiki ana muda wa kikombe kimoja cha chai. Katikati ya hao wawili kuna Ishbel, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, anayeandika hatimkato kwa kasi ambayo hata makarani wanaistahi.

Utaratibu wake haubadiliki. Akifika ofisini anachukua karatasi, anaigawa kwa mistari miwili, na juu ya kila sehemu anaandika neno moja: Kosa. Mizani. Adhabu. Kwenye Kosa anaweka kile ambacho mshtakiwa amekiri au amepatikana na hatia yake, si kile ambacho mtaa unasimulia. Kwenye Adhabu anaweka kile kilichotolewa mwishoni, si kianzio ambacho jaji alikitaja kabla ya kukipunguza. Waandishi wengi wameumbuka hapo. Lakini sehemu anayoihofia ni ile ya katikati. Humo yanaingia tu mambo ambayo jaji mwenyewe ameyapima, na maneno ya wakili hayana nafasi mpaka jaji ayachukue kwa mkono wake. Wakili amelipwa aseme. Anaweza kusema lolote.

Haya yote Ishbel anayajua kama jina lake, na ndiyo maana Jumatano ile ya Machi ilimtia aibu ambayo mpaka leo anaisimulia mwenyewe, huku akicheka, kabla mtu mwingine hajamsimulia.

Kesi ilikuwa ya Wattie Mutch, mwokaji. Nani asiyemjua Wattie? Amezaliwa Kilmallan, ameoka Kilmallan, na pai zake za nyama ya kondoo Ishbel amezila kila Jumanne tangu akiwa msichana wa kujifunza kazi. Mpinzani wake alikuwa Netta Sangster, mjane aliyehamia mjini na marehemu mumewe miaka kumi na miwili tu iliyopita, akafungua duka la pai kando ya daraja, kisha akawa na ufidhuli wa kushinda shindano la pai la mji miaka mitano mfululizo. Watu walinunua kwake, ndiyo, lakini walinunua wakiangalia huku na huku.

Mume wa Netta alipougua, Wattie alifanya uungwana. Alikubali kukaa na ufunguo wa akiba wa duka lake ili apokee magunia ya unga Netta akiwa hospitalini. Mume alifariki, na ufunguo ukabaki kwa Wattie. Kisha, siku mbili kabla ya shindano la mwaka jana, Netta akiwa amekwenda kwa dada yake Aberdeen, Wattie aliingia dukani akazima friza. Basi. Hakuvunja kitu, hakuchukua kitu. Netta aliporudi Jumamosi asubuhi alikuta pai mia nne zimeyeyuka na zinanuka. Jumapili Wattie akajipeleka polisi mwenyewe, uso umemshuka.

Jumanne, siku ya kusomewa hukumu, mahakama ilijaa. Majaji wa mahakama hii huitwa masherifu, na aliyekuwepo siku hiyo alikuwa Sherifu Tulloch, mama mwenye sauti ya chini ambaye hujawahi kumsikia akirudia neno. Wakili wa Wattie alisimama kwanza kuomba mteja wake apunguziwe adhabu. Akasema ya umri, akasema ya majuto, halafu akakohoa kidogo na kusema kwamba mteja wake anaamini Bi Sangster alimwibia mapishi yake, na hicho ndicho kilichomchoma.

Minong'ono ikatembea kwenye viti vya nyuma. Netta alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakurudi.

Ishbel aliandika yote. Sherifu alipozungumza, aliandika pia. Na hapa lazima tuseme kweli: moyoni alikuwa upande wa Wattie. Alimtazama pale kizimbani amevaa suti ya harusi ya miaka ya nyuma, kola imemkaba, na akamwonea huruma. Alitaka awe na sababu.

Kesho yake, Jumatano saa tisa mchana, alikuwa ofisini anamalizia. Kurasa za gazeti zilikuwa zinafungwa saa kumi, tayari kwenda mtamboni. Mhariri, Dod Farquhar, alikuwa ameshamwahidi ukurasa wa mbele. Mlango ukafunguliwa, akaingia Netta Sangster na koti lake la mvua.

"Sijaja kukuomba kitu, Bi Dalgarno," alisema akiwa bado amesimama. "Najua hapa hampokei maombi."

"Hatupokei. Lakini chai tunatoa. Kaa, bibie."

"Sikai. Nataka kujua tu sherifu alisema nini. Mimi nilitoka pale wakili aliponiita mwizi. Tangu jana watu wawili wameniuliza kama ni kweli. Mmoja ni mchungaji!"

"Mchungaji naye hapitwi na neno," Dod alisema kutoka mezani kwake.

"Dod, nyamaza," alisema Ishbel. Akavaa miwani. "Nimeshaandika. Nikusomee?"

"Soma."

Ishbel akasoma. Kosa: Walter Mutch, miaka sitini na minne, alikiri uharibifu wa makusudi kwa kuzima friza ya duka na kuharibu pai mia nne. Mizani: sherifu alizingatia kwamba alivunja uaminifu wa mtu aliyemwachia ufunguo, na kwamba alipanga, alizingatia pia kwamba hana kosa la nyuma, kwamba alijisalimisha, na mgogoro wa muda mrefu kuhusu umiliki wa mapishi...

"Hapo," alisema Netta. "Rudia hapo."

Ishbel akarudia.

Netta alikaa sasa, bila kukaribishwa. "Kwa hiyo sherifu naye ameamini." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mapishi yale ni ya mama mkwe wangu. Aliniandikia nyuma ya kadi ya Krismasi, na mume wangu ndiye aliyenisomea maana mwandiko ulikuwa mbaya. Ukichapa hivyo, Bi Dalgarno, nafunga duka. Siwezi kuuza pai kwenye mji ambao jaji amesema nimeiba."

"Siandiki ninalotaka mimi. Naandika alilosema sherifu."

"Basi nisomee maneno yake. Si yako. Yake."

Hilo lilikuwa ombi la haki, na Ishbel alifungua daftari bila wasiwasi wowote. Akaanza kusoma hatimkato yake kwa sauti, kidole kikifuata mstari. "Nimeambiwa kwa niaba yako kwamba Bi Sangster alitumia mapishi yako. Hakuna ushahidi wowote wa jambo hilo mbele yangu..."

Kidole kikasimama.

"Endelea," alisema Netta.

"...mbele yangu. Silitii kwenye mizani hata kidogo. Lisingekuwa kisingizio hata kama lingekuwa kweli, na ninasikitika kwamba limesemwa hadharani dhidi ya mjane aliyekuamini."

Dod aliacha kutafuna biskuti yake.

Maneno yalikuwepo, kwa mkono wake mwenyewe, wino haujafifia. Ishbel alihisi joto likimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye masikio. Aliyaandika, kisha akayapita. Alikuwa amechukua ya wakili akayavika joho la jaji, kosa lilelile alilowafundisha vijana wa gazeti wasilifanye, na alilifanya kwa sababu alipenda pai za mtu.

"Nimekukosea," alisema. "Hakuna namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa nimeshakupa adhabu mimi, na wewe hukushtakiwa."

Netta alitoa kitambaa akapenga kamasi kwa kishindo. Halafu, cha ajabu, akaanza kucheka. "Amesema 'hata kidogo'?"

"Hata kidogo."

"Utaandika 'hata kidogo'?"

"Bibie, nitaandika na nukta yake."

"Dakika arobaini zimebaki," alisema Dod, "kama kuna anayejali."

Ishbel alichana karatasi, akachora mistari miwili upya. Safari hii alisoma daftari neno kwa neno, na ilipofika saa kumi kasoro tano habari ilikuwa hivi:

Walter Mutch, mwokaji wa miaka sitini na minne, alikiri uharibifu wa makusudi kwa kuzima friza ya Bi Netta Sangster na kuharibu pai mia nne.

Sherifu alisema lililozidisha uzito wa kosa ni kuvunja uaminifu wa mjane aliyemwachia ufunguo, na kuchagua siku ambazo alijua hayupo. Lililopunguza ni kwamba hana kosa la nyuma, alijisalimisha, na taarifa ya ofisa ustawi wa jamii ilimwona anajuta kweli. Wakili wake alidai kulikuwa na wizi wa mapishi. Sherifu alisema hakuna ushahidi wowote wa hilo, na hakulitia kwenye mizani "hata kidogo".

Alisema jela haikuwa mbali. Badala yake alianza na saa mia na themanini za kazi za jamii bila malipo, akapunguza theluthi moja kwa sababu mshtakiwa alikiri mara ya kwanza alipoulizwa. Atafanya saa mia na ishirini, na atamlipa Bi Sangster fidia ya pauni elfu moja na mia moja.

Gazeti lilitoka Alhamisi. Ijumaa mchana Ishbel alikwenda duka la kando ya daraja, mara yake ya kwanza katika miaka kumi na miwili, akakuta foleni mpaka nje. Alijipanga kama wengine. Alikuwa wa tano hivi wakati watu walipoanza kutazama mlangoni, akageuka, akamwona Wattie Mutch anaingia na gazeti kwapani.

Netta aliweka chini koleo lake. "Ufunguo ulisharudisha," alisema. "Umesahau nini?"

Wattie alivua kofia. "Nimesoma alivyosema sherifu. Pale kizimbani masikio yalikuwa yanavuma, sikusikia kitu zaidi ya jela. Nimesoma mara tatu." Akawageukia watu wa foleni, uso mwekundu. "Ile ya kuiba ni mimi niliyemwambia wakili. Sina ushahidi. Sikuwa nao."

"Ulishaionja pai yangu?" Netta aliuliza.

Wattie aliikunja kofia yake mikononi.

"Wattie! Miaka kumi na miwili?"

"Nilikuwa na kiburi, mama."

Netta alichukua pai ya moto, akaiweka kwenye karatasi, akaisukuma mbele yake juu ya kaunta. Duka zima likamtazama mzee yule akiuma. Alitafuna polepole, kitaalamu, macho juu. Alitafuna tena. Mchuzi ukamtiririka kidevuni, na hakuupangusa.

"Basibasi kidogo," alisema mwishowe, "na pilipili manga nyeupe, mimi sijawahi kutia nyeupe." Akameza. Macho yalikuwa yamelowa, na haikuwa pilipili. "Si yangu hii, Netta. Mungu anisamehe. Yangu haijawahi kufika hapa."