Sifungui Maji

Shemeji yangu aliniambia mbele ya kikundi kizima kwamba shamba si simu, na kama nimechoka kulima niseme watu wapewe ardhi. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha umwagiliaji Nyambureti, kaka wa marehemu mume wangu, na sauti anayo. Wanakikundi wakacheka. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza si tabia yangu.

Tuna desturi moja pale ambayo kila mtu anaijua. Tenki liko mlimani, pampu ya sola inalijaza kutoka mtoni, na maji yanagawanywa kwa zamu. Zamu yangu ni kila baada ya siku mbili, jioni. Nje ya zamu, mpira wa shamba langu hauna hata tone, mlinzi wa maji amefunga huko juu. Na asiyefungua maji zamu yake inapofika, anahesabiwa ameacha shamba. Wazee waliiweka hiyo kwa sababu watu walikuwa wanashikilia viwanja vya mtoni huku wamejazana machimboni wakitafuta dhahabu. Inaeleweka. Ila mimi sikuwa machimboni. Nilikuwa Tarime mjini, nimekaa kwenye kibanda natengeneza simu ili nile, na kila zamu siwezi kupanda basi la Mugumu halafu bodaboda kwenda kuzungusha koki.

Ndiyo maana nikatengeneza mtambo. Kwa fundi simu si kazi ya ajabu. Bodi moja, kompyuta ndogo isiyozidi kidole gumba, inayoweza kuandikiwa maagizo. Kihisi cha unyevu, kijiti bapa unachokichomeka ardhini. Kingine cha joto na unyevu wa hewa. Valvu ya mota, yaani koki inayojizungusha yenyewe, inayofungua hata maji yakiwa na nguvu ndogo. Betri, sola, na laini ya simu ya kunitumia ujumbe.

Nikaiwekea vikomo viwili. Udongo ukifika kikomo cha chini, mmea unaanza kuteseka. Ukifika cha juu, funga, yanayozidi hapo ni kuozesha mizizi. Lakini vikomo peke yake havikunitosha, kwa sababu ya zamu. Udongo unaweza kuwa juu ya kikomo leo jioni, ukashuka kesho mchana, na kesho maji si yangu. Kwa hiyo nikaongeza modeli ndogo, hesabu fupi inayojifunza kwa kumbukumbu. Niliiacha bodi iandike kila saa jinsi shamba lilivyokauka, jua lilivyowaka, hewa ilivyokuwa, huku mama mkwe, aliyekubali kunisaidia kwa muda huo tu, akifungua maji kwa mkono. Baada ya wiki mbili nikaichukua kadi ya kumbukumbu ya bodi, nikaifundisha hesabu hiyo kwenye kompyuta ya jirani yangu wa kibandani, nikarudisha namba kwenye bodi. Kazi yake moja tu: jioni ya zamu, ibashiri udongo utakuwaje mpaka zamu ijayo. Ikiona utavuka kikomo cha chini, fungua. Ikiona hautavuka, acha.

Nikaikabidhi shamba. Ikaacha zamu ya kwanza. Ikaacha na ya pili. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu: udongo una maji ya kutosha. Nikatabasamu pale kibandani kama mjinga.

Mama mkwe akapiga. Hakunisalimu hata.

"Nyanya zako zinakufa na hilo dude lako limelala!"

"Mama, udongo una maji, nimeletewa ujumbe."

"Ujumbe! Mimi nimesimama ndani ya shamba, wewe unaniambia ujumbe?"

Nilipofika nilikuta majani yamelegea, mengine yamejikunja. Roho ilinipasuka. Shemeji alikuwa amekwisha kuita watu, na hapo ndipo alipolisema lile neno la simu. Halafu akaongeza, pole pole ili kila mtu asikie, kwamba amenivumilia kwa heshima ya marehemu, na nikiacha zamu nyingine hata moja, shamba linapewa mtu mwingine. Ni kweli, kiangazi kilichopita, mwaka wa msiba, lilinikaukia. Wakakubaliana wote. Nikafungua maji kwa mkono jioni ile, machozi yananitoka, ya hasira, si ya huzuni.

Asubuhi nikamuuliza mama mkwe kwa nini kihisi kinadanganya, kana kwamba yeye ndiye aliyekitengeneza. Akaja akasimama pale nilipokichomeka, akaangalia chini, akaguna.

"Kwa nini umekiweka hapa?"

"Si ndipo penye udongo mzuri? Tazama ulivyo mweusi."

"Hapa palikuwa zizi la baba mkwe wako. Ng'ombe wamekojoa hapa miaka na miaka."

Sisi watu wa ng'ombe hatuoni zizi la zamani bila kulitamani. Zizi likihamishwa, pale lilipokuwa ndipo panapandwa kwanza, ndipo mgeni anapoonyeshwa mahindi. Na mimi, mwenye mtambo wangu, nikakichomeka pale pale kwa majivuno. Nilikuwa nimekipima kihisi Tarime kwa udongo mwekundu wa nyuma ya kibanda, halafu nikakileta kwenye samadi. Kosa juu ya kosa!

Lakini sikutaka kuamini hivi hivi. Nilikaanga udongo kwenye sufuria mpaka ukakauka kabisa, wa zizini na wa katikati ya shamba. Nikajaza makopo mawili yaliyo sawa, nikamimina kila moja kikombe kile kile cha maji, nikachanganya, nikachomeka kihisi. Kopo la zizini likasoma mbichi sana. La pili likasoma kawaida. Maji yale yale. Ni ile chumvichumvi ya mkojo na samadi, inakidanganya kihisi cha aina hii kiseme kuna maji kuliko yaliyopo. Mama mkwe alikuwa ananiangalia nakaanga udongo kwenye sufuria yake ya ugali, na siku hiyo tulipika kwa jirani.

Tatizo lilikuwa kubwa kuliko kijiti. Modeli ilikuwa imejifunza wiki mbili za uongo huo. Nikafuta kumbukumbu zote. Nikaweka vihisi viwili katikati ya mistari, kwenye kina cha mizizi, kando ya tundu la mpira linalodondosha matone, nikavipima upya kwa udongo wa hapo hapo. Nikafunga kibanda Tarime wiki tatu. Wateja wakanipigia, nikawaambia simu zao hazitakauka. Kila zamu nilifungua kwa mkono na kufunga kwenye kikomo cha juu, na bodi ikaandika saa baada ya saa. Kisha nikaifundisha upya. Safari hii niliificha wiki ya mwisho, nikaijaribu ibashiri wiki ambayo haijaiona, nikalinganisha na kilichotokea. Ilikosea kidogo, kidogo ninachoweza kuishi nacho.

Nikaikabidhi tena. Zamu mbili ikafungua vizuri. Halafu, kiangazi hicho hicho, siku moja kabla ya zamu ya tatu ikanyesha mvua ya nusu saa isiyotarajiwa, mawingu yakabaki, hewa ikawa nzito. Kesho yake jioni zamu ikafika. Wanakikundi walikuwa wamekuja wenyewe, maana habari za mtambo zilikuwa zimeenea, na shemeji alikuwa mbele. Mlinzi akafungua maji huko juu. Mpira ukajaa. Valvu ikakaa kimya.

Tukasubiri.

"Fungua, shemeji," akasema. "Au sema umeshindwa."

Koki ya mkono ilikuwa hapo, hatua mbili. Kuizungusha tu, yaishe, nibaki na shamba langu. Na kila mtu angejua kuwa mtambo ni mchezo na mimi ni mchezaji. Hasira zikanipanda mpaka masikioni.

"Sifungui."

"Unajua desturi?"

"Naijua. Na udongo nao unajijua. Una maji ya kutosha mpaka zamu yangu ijayo. Nikiongeza leo naozesha mizizi na kumwaga maji ya jirani. Sifungui!"

Mtu akapiga mluzi. Shemeji akamgeukia katibu akasema, "Mura, umesikia mwenyewe." Mama mkwe akatoka nyuma na jembe, akachimba katikati ya mistari bila kuomba ruhusa kwa mwenyekiti ambaye ni mwanawe wa kumzaa. Akachota udongo, akaufinyanga, donge likashikamana. Akamtia mwanawe mkononi.

"Huu ni mkavu?"

Shemeji akaugeuza geuza. "Leo si mkavu, mama. Kesho kutwa je?"

Swali lilikuwa la haki, lazima niseme. Wakaamua: watarudi zamu ijayo. Wakikuta hata mstari mmoja umelegea, shamba limekwenda.

Kesho yake mawingu yakaondoka na jua likawaka kwa makusudi. Sijawahi kuliangalia jua kwa chuki namna ile. Nilizunguka shamba, nikashika majani, nikachimba kwa vidole, nikachungulia namba kwenye bodi zikishuka. Siku ya zamu, saa saba mchana, nilitamani nikateke ndoo mtoni nimwagie kisirisiri. Ndoo niliishika kabisa. Nikaona nikimwaga hata kata moja, nitakuwa nimemwambia shemeji kwamba alikuwa sahihi, hata kama yeye hatajua. Nikaiweka chini. Nilikuwa naogopa, jamani.

Jioni wakaja wote. Shemeji alipita mstari kwa mstari, akiinua majani ya chini, akiyabana kwa vidole. Nyanya zilikuwa zimesimama. Zilikuwa na kiu, unyevu umekaribia kikomo, lakini zimesimama. Mlinzi akafungua huko juu. Mpira ukajaa, na kabla mtu hajasema neno mota ikalia, valvu ikazunguka yenyewe, matone yakaanza kudondoka kwenye kila shina.

Hakuna aliyepiga makofi. Shemeji alijifuta mikono kwenye suruali akasema, "Haya. Limebaki," akataka kuondoka.

"Bado," nikasema. "Daftari."

Daftari la kikundi lina orodha ya viwanja na wenyewe. Changu kilikuwa kimeandikwa shamba la marehemu tangu msiba, ndiyo maana kila mtu aliona anaweza kulitolea uamuzi. Katibu akalifungua, akatafuta ukurasa, akamwangalia mwenyekiti.

"Niandike mke wa marehemu?"

"Andika jina langu. Yote matatu."

Shemeji alipapasa mfuko wa shati. Kisha akampa katibu kalamu yake mwenyewe, kwa sababu kalamu ya katibu ilikuwa imekwisha wino. Nikasimama juu ya bega la katibu mpaka alipomaliza la tatu.