Nusu ya Kwaya

Mazoezi ya Jumamosi yalikuwa yamefika ubeti wa pili pale mwalimu Hosea aliposhusha mikono na kuuliza kwa nini sauti ya kwanza wanaimbia nje. Wanawake wa sauti ya kwanza walikuwa wamesimama kushotoni kwake, mahali pao pa siku zote. Hosea alikuwa akiwasikia vizuri, ila upande ule hakuona mtu. Hakuona hata giza. Upande wenyewe haukuwapo.

Asubuhi hiyo kichwa kilimuuma kisogoni, akapiga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango, akakimwaga kikombe cha chai kilichokuwa mbele yake. Alipofungua karatasi ya nota, do-re-mi zilizoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, akawa kila akimaliza mstari hapati mwanzo wa unaofuata. Akasema ni uzee.

Hosea alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge nje ya mji wa Tanga. Baba yake alikuja na manamba kutoka Ubena, akisema atakata mkonge msimu mmoja arudi, na hakurudi. Hosea akakua akawa fundi wa korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge ili nyuzi zibaki. Mchana alikuwa na grisi mpaka viwikoni. Jioni alioga, akavaa shati jeupe, akaenda kufundisha kwaya ya kambi. Kila kabila lilikuja na lafudhi yake, na kazi yake kubwa miaka ile ilikuwa kuwafanya Wabena, Waha na Washambaa watamke "Bwana" namna moja.

Bertha alikuwa Mshambaa, binti wa karani wa mizani, na alisimama mwisho wa safu ya sauti ya kwanza. Walioana kambini, wakahamia mjini kambi ilipofungwa, wakaimba pamoja mpaka miaka mitatu iliyopita, Bertha alipofariki. Katika maisha yao yote ya kwaya Hosea hakuhitaji kugeuza shingo ili ajue mkewe yupo. Alimwona kwa pembe ya jicho, na hilo lilimtosha.

Binti yao, Loveness, hakukubali habari ya uzee. Alipopigiwa simu kutoka kanisani alimpeleka baba yake hospitali siku ile ile. Daktari wa zamu alipima shinikizo la damu, akalikuta liko juu mno, akamlaza. Jumatatu wakampeleka kliniki ya macho. Hosea alikuwa amelifunika jicho la kushoto kwa leso, maana alishaamua kwamba ndilo lililokufa.

Kwenye benchi alikaa na Mwamvua, muuza samaki wa Tongoni, ambaye naye alikuwa na kisa chake. Yeye alipotelewa na pande zote mbili za nje, kulia na kushoto, akawa anaona kama mtu anayechungulia ushorobani. Sokoni alikuwa akipamia watu wa huku na huku mpaka wakamwita mgomvi. Walimkuta na uvimbe mdogo chini ya ubongo. Akanywa vidonge, uvimbe ukanywea, na sasa pande zake zilikuwa zinafunguka kidogo kidogo.

Daktari wa macho, Suhaila, alikuwa Mpemba, mwenye sauti ya taratibu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari. Hili la kushoto limekufa."

Suhaila hakubisha. Aliitoa ile leso, akavuta kiti wakakaa ana kwa ana, magoti yakikaribiana. Akamwomba alifumbe jicho la kushoto, lile lililodhaniwa bovu, na kwa la kulia aitazame pua ya daktari asibanduke. Kisha akaleta kidole polepole kutoka pembeni, aambiwe kinapoonekana. Kutoka kulia Hosea alikiona mapema. Kutoka kushoto hakukiona mpaka kilipokaribia kabisa pua. Wakabadilisha jicho. Ikawa vile vile: kulia kupo, kushoto hakuna.

"Kwa hiyo yamekufa yote mawili?" Hosea aliuliza.

Suhaila alimulika mboni kwa tochi, akachungulia ndani ya kila jicho, akasema macho ni mazima. Akamweleza kwamba vitu vya kushoto, mwanga wake huangukia nusu ya kulia ya pazia la nyuma ya kila jicho. Kila jicho lina mshipa wake, na mishipa hiyo hukutana chini ya ubongo. Pale nyuzi za upande wa pua huvuka kwenda ng'ambo, na za upande wa nje hubaki upande wake. Baada ya hapo, habari zote za kushoto, za jicho hili na za lile, husafiri pamoja kwenda kisogo cha kulia.

Hosea alifikiri kidogo. "Ni kama reli za toroli kule shambani, zilizoleta mkonge kiwandani. Ikikatika kabla ya makutano, shamba moja tu halileti mkonge."

"Ndiyo. Jicho moja tu lingezimika."

"Ikiharibika pale pale kwenye makutano?"

"Zinakatika zile zinazovuka. Hizo hubeba pande za nje."

Hosea akamkumbuka yule mama wa benchini. "Na yangu imekatika baada ya makutano."

"Huko nyuma kabisa, nadhani, upande wa kulia. Tutapiga picha ya kichwa."

Picha ilimthibitishia. Sehemu ya kisogo cha kulia ilikosa damu. Suhaila hakumficha: kidogo kingeweza kurudi miezi ya mwanzo, lakini sehemu kubwa isingerudi. Dawa za shinikizo na ile ya kuzuia damu kuganda azinywe bila kukosa. Baiskeli aiache. Na ajizoeze kupeleka macho kushoto kwanza, kila mahali, kabla ya kuchukua hatua.

Hosea alikuwa amesharudi nyumbani walipomtokea wanawake. Alikuwa amekaa barazani, na kule kusikokuwako wakasimama safu nzima, wamevaa vitambaa vyeupe kichwani kama kwaya ya kambi, midomo inachezacheza bila sauti. Aligeuza macho awaone vizuri. Wakasogea naye, wakabaki kushoto vile vile. Walikuja siku nyingi. Hakumwambia Loveness, asije akadhani baba amerukwa na akili.

Alimwambia Suhaila tu, waliporudi kliniki na Loveness akiwa nje.

"Si wazimu, baba, wala si mizimu. Sehemu ya ubongo isiyoletewa habari hujitungia zake. Huwa zinaisha."

"Nilikuwa namtafuta mke wangu mwisho wa safu," Hosea alisema. "Kila nikigeuka, mwisho unahama."

Suhaila aliweka kalamu chini. Foleni ilikuwa ndefu, lakini hakumharakisha.

Wale wanawake waliisha kweli. Walipungua, wakawa rangi tu, kisha hata rangi hazikuja. Watu wote walimpongeza kwa kupata nafuu, naye aliitikia, lakini wiki ile alikula kidogo na kulala mapema.

Kanisani alirudi baada ya miezi mitatu. Hakutaka kwaya ihamishwe kwa ajili yake. Alijifunza kugeuza kichwa chote kushoto kabla ya kila ubeti na kuwatazama sauti ya kwanza mmoja mmoja, nao wakasema hawajawahi kutazamwa hivyo na mwalimu. Kusoma nota kulibaki kazi ngumu. Aliweka kidole mwanzo wa mstari, na hata hivyo alichoka upesi. Basi Loveness, ambaye tangu utotoni alikuwa akikwepa kwaya, akawa anamsomea nota nyumbani kwa sauti.

Siku moja Hosea alimwambia afunge kitabu. Akamwimbia wimbo wa Kibena ambao baba yake na wenzake waliuimba wakirudi kutoka kukata mkonge, na ambao haukuwahi kuandikwa. Maneno mengine yalikuwa yamempotea. Loveness alichukua penseli akaanza kuandika, do, mi, so, akimsimamisha kila mara arudie.