Daftari la Mama Albertine

Mama Albertine, karani wa shule moja ndogo ya sekondari katika mtaa wa Bel-Air, hakuwa mtu wa maneno mengi. Miaka kumi na minne walimu walikuwa wakimwachia maneno yao ya siri ili awaingizie pointi, yaani alama za wanafunzi, kwenye kompyuta, kisha hao, wanaenda zao. Ndiyo ilikuwa desturi ya shule. Hadi mwanafunzi mmoja alipookota karatasi ya maneno hayo chini ya kibodi, akajiongezea pointi za kemia. Aibu gani ile! Albertine alilia siku nzima, maana karatasi ilikuwa yake.

Ndipo Prefe Godefroid, mkuu wa shule, alipomwambia apige chapa utaratibu wa ukurasa mmoja. Mwalimu aingize pointi za somo lake tu. Karani aandikishe wanafunzi na kuchapa buletini, zile ripoti za matokeo. Pointi azione, asiziguse. Mwanafunzi aone zake peke yake. Hakuna kuazimana neno la siri. Prefe ndiye afungue na kufunga akaunti, na kila mara aandike sababu kwenye daftari. Prefe alitia sahihi kwa mbwembwe zote, ukurasa ukabandikwa mlangoni.

Haya. Siku mbili kabla wazazi hawajaja kuchukua buletini, Prefe huyohuyo akaingia ofisini na kufunga mlango. Hénoc, ambaye babake aliipa shule mabati, alikuwa na 38 kwa mia katika hesabu. Prefe alitaka 55. Albertine akamkumbusha kwamba akaunti ya karani haibadilishi pointi. Hilo si tatizo, akasema Prefe. Atabadilisha neno la siri la Osée, mwalimu wa hesabu, na kumpa Albertine hilo jipya aingie nalo.

“Prefe, kompyuta itaandika kama ni Osée alibadilisha,” Albertine akasema. “Mi sitaingia tena mu jina ya muntu mwingine.”

Wee! Prefe akavimba. Akasema ataifunga akaunti ya Albertine saa hiyohiyo, na yeye aende nyumbani akapumzike moja kwa moja. Albertine aliipenda kazi ile na hakuwa na nyingine. Aliogopa kweli. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, akavuta daftari, akalifungua mbele ya Prefe na kuweka kalamu juu yake.

“Funga, Prefe. Lakini andika sababu.”

Prefe akaketi. Akaandika tarehe. Akaandika jina la Albertine. Kwenye safu ya sababu kalamu ikasimama, naye akatazama ukurasa uliobandikwa mlangoni, wenye sahihi yake. Mwishowe akafuta jina kwa mstari mmoja, akatoka bila kuaga.

Albertine akawasha mashine ya kuchapa. Buletini ya Hénoc aliitanguliza, 38 yake palepale, akaipeleka mwenyewe ofisini kwa Prefe. Prefe akatia sahihi, safari hii bila mbwembwe.